Posti ya kutafuta wauzaji wa vyombo Dodoma: andika kinachobaki mfukoni

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Dodoma, kuanzia ya wakazi wa Ilazo hadi ya wanafunzi wa UDOM, matangazo ya kutafuta wauzaji wa vyombo vya nyumbani yanafanana mno. "Jipatie kipato ukiwa nyumbani! Huhitaji mtaji! Laki tatu hadi tano kwa mwezi! Njoo inboksi." Tangazo la namna hiyo watu linaleta, tena wengi. Duka la jumla likiliposti jioni, asubuhi simu imejaa "habari, nimeona tangazo". Karibu wote wanauliza mambo matatu: nalipwaje, natoa shilingi ngapi, na mzigo anapeleka nani. Anayejibu anachoka kurudia jibu lilelile, wanaouliza wanayeyuka mmoja mmoja, na wachache wanaobaki wanaanza kazi kila mtu na hesabu yake kichwani. Ikifika wiki ya pili, ugomvi.

Wanaoifanya kazi hii kwa muda wameshaona kwamba posti yenye hesabu ya wazi huleta watu wachache zaidi, lakini wanaokuja wanajua wanakuja kufanya nini. Ndiyo maana kazi ya kutafuta wauzaji inaanzia kwenye daftari kabla ya kufika kwenye simu. Mwenye duka asipoweza kukokotoa faida ya muuzaji wake kwa bidhaa moja mpaka shilingi ya mwisho, hana cha kuposti bado.

Kwanza amua ni mpango gani, maana kuna miwili na watu huichanganya. Wa kwanza, muuzaji hanunui kitu. Anaposti picha, mteja anaagiza, duka linatoa mzigo stoo na kuupeleka kwa mteja, mteja analipa dukani, kisha muuzaji anapewa tofauti kati ya bei yake na bei ya kuuzia. Wa pili, muuzaji ananunua mzigo wake kwa bei ya jumla, tuseme kuanzia pisi sita za kuchanganya, anakaa nao na kuuza kwa bei anayoona inafaa. Hatari ya kila mpango inamwangukia mtu tofauti. Katika wa kwanza, mzigo usipouzwa hasara ni ya duka. Katika wa pili ni ya muuzaji. Posti ikisema "huhitaji mtaji" halafu kwenye meseji mtu anaambiwa anunue pisi sita, ameshaanza kukuona tapeli, na ana haki. Posti moja, mpango mmoja. Hapa tutafuata ule wa kwanza, kwa sababu ndio unaovuta wengi na ndio unaoharibika kwa urahisi.

Tuchukue seti ya hotpoti tatu. Duka la Majengo linampa muuzaji kwa 36,000, na bei elekezi ya kuuzia ni 45,000. Tofauti ni 9,000. Wengi wanaishia hapo, wanazidisha 9,000 kwa seti thelathini au arobaini, na ndiko zile laki tatu za kwenye tangazo zinakotoka. Lakini 9,000 hiyo haijafika mfukoni. Muuzaji ananunua bando ili aposti na kujibu wateja. Tumwekee 8,000 kwa wiki. Akipokea pesa yake kwa simu kuna makato ya kutoa. Tumwekee 2,000 kwa wiki kama analipwa kwa mkupuo. Hizo ni 10,000 kwa wiki, na ya bando inatoka auze asiuze.

Sasa weka mauzo. Akiuza seti tano kwa wiki, anapata 45,000, anatoa 10,000, zinabaki 35,000. Akiuza mbili, anapata 18,000, anabaki na 8,000. Asipouza kitu, amekula hasara ya bando. Haya ndiyo maelezo ambayo matangazo mengi yanayakwepa, na ndiyo yanayomfanya mtu mzima aamini kilichobaki kwenye posti. Mama wa Chang'ombe anayeuza maandazi asubuhi anaelewa mara moja kwamba 8,000 juu ya biashara yake si haba, na kijana aliyetegemea kulipia kodi ya chumba kwa kazi hii anaelewa mara moja kwamba si yake.

Kuna kipengele kimoja kinachogeuza hesabu yote: boda analipwa na nani. Tuseme kutoka Majengo hadi Kisasa au Nkuhungu boda anachukua 3,000. Wateja wa mjini wamezoea kusikia "delivari bure", na muuzaji mgeni, kwa hofu ya kumkosa mteja, anakubali kuibeba yeye. Seti tano ni 15,000 za boda. Zile 35,000 zinakuwa 20,000. Kwa seti mbili, 8,000 zinakuwa 2,000, yaani wiki nzima ya kujibu "bei ya mwisho?" kwa pesa isiyotosha hata kununua sahani mbili za chipsi. Muuzaji wa namna hiyo hakwambii ameacha. Anapunguza kuposti, mwisho anaposti mambo yake tu. Ukiona mtu aliyekuwa anatuma oda tatu kwa wiki amenyamaza, kabla ya kumlaumu kwa uvivu muulize nauli ya boda alikuwa anailipa nani.

Kwa hiyo sharti la boda linaandikwa kwenye posti yenyewe, halingoji mazungumzo. Na linaandikwa kwa maeneo, kwa kuwa Dodoma imetanuka. Bei ya kwenda Area C si bei ya kwenda Iyumbu, na Mtumba kwenye mji wa serikali ni safari. Panga maeneo matatu, la karibu, la kati na la mbali, kila moja na bei yake ya boda mliyoelewana na madereva wawili au watatu wa kijiwe kilicho karibu na stoo. Muuzaji akishakuwa na bei hizo kwenye simu yake, anamjibu mteja palepale: "Seti ni 45,000, boda hadi Kisasa 3,000." Mteja anayekataa hapo ni bora akatae kabla mzigo haujatoka.

Hivi ndivyo posti inavyoweza kukaa ikishabeba hayo yote:

TUNATAFUTA WAUZAJI 10, DODOMA MJINI
Vyombo vya nyumbani: hotpoti, seti za sufuria, chupa za chai, shuka.
Kazi: unaposti picha tunazokupa, unapokea oda, sisi tunapeleka kutoka stoo Majengo. Hununui mzigo. Hakuna ada ya kujiunga.
Mfano: seti ya hotpoti 3. Bei yako 36,000. Bei ya kuuzia 45,000. Tofauti yako 9,000.
Boda analipa mteja. Bando na makato ya kutoa pesa ni juu yako.
Ukiuza seti 2 kwa wiki unabaki na kama 8,000. Ukiuza 5, kama 35,000. Usipouza, hupati kitu.
Malipo: kila Jumatatu na Alhamisi, kwa oda ambazo mteja ameshapokea na kulipa.
Hii si ajira na haina mshahara.
Andika WhatsApp: jina, mtaa unaokaa, na saa ambazo unaweza kujibu wateja.

Si posti ya kuvutia sana, tunakubali. Ndugu wa kitengo cha matangazo angetaka emoji za moto na mshangao kila mstari. Lakini angalia mistari miwili. "Usipouza, hupati kitu" inafukuza wale ambao wangekuja kudai mshahara mwisho wa mwezi. "Hakuna ada ya kujiunga" inajibu hofu ambayo Watanzania wanayo kwa sababu za msingi. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha DECI baada ya watu wengi kuweka pesa zao kwa ahadi ya kupanda na kuvuna zaidi, na tangu hapo yamekuja mengine ya mtandaoni yenye sura ya kazi. Mtu akiona "kipato" na "jiunge" kwenye posti moja anakumbuka hayo.

Kipimo cha kujua kama mpango wako unaanza kunukia upatu ni rahisi: pesa ya muuzaji inatoka kwenye chombo kilichofika kwa mteja, au inatoka kwa mtu mwingine aliyejiunga? Ikitoka kwa kuleta watu, umeshavuka mstari, na upatu ni kosa la jinai nchini. Usitoze ada ya fomu, usiuze "kifurushi cha kuanzia", wala usiwape wauzaji asilimia ya wale waliowaleta. Hata zawadi ndogo ya kumleta mwenzako huwafanya wauzaji waache kuposti hotpoti wakaanza kuposti tangazo lako, na mwezi ukiisha unakuwa na wauzaji arobaini na oda sita.

Idadi nayo iandikwe, na iwe ya kweli. Kumi inatosha kuanza. Ukiwa na seti ishirini za hotpoti stoo na watu arobaini wameposti picha moja saa 1 jioni, saa 3 usiku utakuwa unaandika "imeisha" kwa watu ambao wameshamwahidi mteja, na mteja aliyeambiwa imeisha harudi kwa muuzaji yule. Tena, mtu mmoja anayejibu simu ya duka, anayepanga boda na kuandika daftari hawezi kuhudumia zaidi ya wauzaji kumi na tano bila kuanza kukosea. Ongeza wengine pale ambapo kumi wa kwanza wameshazoea na stoo inahimili.

Muda wa kuposti una maana yake. Jioni, kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku, watu wametulia na simu. Lakini usiposti usiku halafu ukaanza kujibu kesho kutwa. Posti siku ambayo kesho yake una mtu wa kukaa na simu, kwa sababu anayetafuta cha kufanya ameandikia watu watatu, na anakwenda na wa kwanza aliyemjibu vizuri.

Wanapoandika, wachuje kwa maswali machache. Mtaa wanaokaa unataka kuujua kwa sababu wauzaji sita wa Area D watagombania majirani walewale, na ni bora uwatawanye: mmoja Kikuyu, mmoja Ipagala, mmoja Makulu, wawili vyuoni. Kisha waombe skrinshoti ya idadi ya waliotazama stetasi zao tatu za mwisho. Hapa ndipo utashangaa. Mwenye marafiki maelfu Facebook anaweza kuwa na watazamaji kumi na wawili kwenye stetasi, na mshona nguo wa Nkuhungu mwenye simu ya kawaida ana watu mia na hamsini, wote wateja wake wanaomjua kwa jina. Huyo wa pili ndiye muuzaji. Vyombo vya nyumbani vinauzwa na mtu anayeaminika mtaani kwake. Wafuasi wa mbali wanapenda picha, wanapita.

Usiombe picha ya kitambulisho cha NIDA kwenye meseji ya kwanza. Katika mpango huu hujamkabidhi mali yoyote, kwa hiyo hakuna sababu ya kukihitaji, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 unayekusanya taarifa za watu unatakiwa kuzitumia kwa lengo ulilowaeleza na kuzitunza. Picha za vitambulisho zikikaa kwenye simu ya duka inayoshikwa na kila mtu ni hatari kwako na kwao. Kitambulisho kinakuja baadaye, kama mtu anataka mali kauli.

Kabla hajaposti kitu, mpe vitu vitatu: picha, orodha ya bei na masharti kwa maandishi. Picha ziwe hazina namba ya simu ya duka. Ni jambo dogo linalosahaulika kila mahali: duka linawapa wauzaji picha zilizopigwa chapa ya jina na namba yake kubwa katikati, halafu linashangaa wauzaji hawaposti. Nani aposti namba ya mtu mwingine? Piga picha safi, chombo kikiwa juu ya meza yenye mwanga wa dirishani, na moja iwe na rula au chupa ya maji ya lita moja na nusu pembeni ili ukubwa uonekane. Hotpoti ndiyo inayoleta malalamiko mengi ya "niliona kubwa kwenye picha", kwa sababu zile tatu huingia moja ndani ya nyingine na picha ya kiwandani huzipanga kwa mbele zikaonekana kama ndoo. Andika lita za kila moja chini ya picha. Rangi zilizopo stoo uzitaje kila asubuhi saa 2 kwenye grupu la wauzaji; iliyoisha uifute hapohapo.

Masharti yenyewe yasizidi ukurasa mmoja, na yajibu mambo ambayo yatagombaniwa. Kuna manne yanayogombaniwa kila mahali.

La kwanza ni mteja wa nani. Muuzaji anamleta mteja, mzigo unakwenda kwenye boksi lenye stika ya duka, na mwezi unaofuata mteja anapiga simu moja kwa moja dukani kuomba seti ya sufuria. Duka likiuza kimya kimya, muuzaji atajua, kwa kuwa mteja ni jirani yake. Sharti linalofanya kazi ni hili: kila oda inaandikwa daftarini na namba ya simu ya mteja na jina la muuzaji aliyemleta, na kwa siku 90 chochote mteja huyo atakachonunua, tofauti ni ya muuzaji yule. Kama wauzaji wawili wamezungumza na mteja mmoja, anayehesabiwa ni aliyetuma oda yenye namba kwanza. Meseji ina saa juu yake, kwa hiyo hakuna mabishano marefu.

La pili ni duka kushindana na wauzaji wake. Ukurasa wa duka ukiposti seti ileile kwa 40,000 "ofa ya wikiendi", wauzaji kumi waliokuwa wanasema 45,000 wameonekana walanguzi mbele ya watu wao. Duka linalotaka wauzaji halina budi kuuza rejareja kwa bei elekezi ileile. Ukitaka kutoa ofa, shusha na bei ya muuzaji kwa siku hizo na umwambie siku mbili kabla. Kwa upande wao wauzaji wawekewe bei ya chini kabisa, tuseme 43,000, ili asitokee mmoja anayeuza 38,000 apate elfu mbili yake na kuwaharibia wengine wote. Faini haifanyi kazi kwenye mpango huu; anayerudia anasimamishwa kupewa mzigo.

La tatu ni mzigo uliokataliwa mlangoni. Mteja ameagiza, boda amefika Kisasa, mteja hapokei simu, au anasema mume wake hakuafiki. Boda anadai nauli ya kwenda na kurudi, na hapo kila mtu anamtazama mwenzake. Namna inayopunguza maumivu ni mteja kutuma nauli ya kwenda kabla mzigo haujatoka, na bei ya chombo ailipe akishakiona. Anayegoma kutuma 3,000 ya boda mara nyingi hakuwa mnunuzi. Nauli ya kurudi inalipwa na duka kama chombo kina kasoro au hakifanani na picha, na inalipwa na muuzaji kama mteja amebadilisha mawazo tu. Mgawanyo huo unamfanya muuzaji amhakikishe mteja kabla ya kutuma oda, na unalifanya duka likague mzigo kabla ya kuufunga.

Hapo kwenye kukagua, tusimame kidogo. Chupa ya chai yenye kioo ndani inaweza kuvunjika bila ganda la nje kuonyesha mchubuko wowote. Aliyeko stoo aichukue, aitikise taratibu sikioni. Kioo kilichopasuka kinalia kama mchanga. Afungue kifuniko, amulike ndani na tochi ya simu. Sufuria azikague vishikio, maana ribiti iliyolegea huonekana mteja anapoosha mara ya kwanza. Sahani za udongo zipangwe kwa kusimama, siyo kulala, na karatasi katikati ya kila mbili, kwa sababu zikilala uzito wa zile za juu unazipasua za chini boda akipita tuta. Kisha piga picha moja ya mzigo ukiwa wazi ndani ya boksi, mtumie muuzaji, naye amtumie mteja. Picha hiyo inamaliza kesi nyingi kabla hazijaanza. Malalamiko ya kuvunjika yapokelewe ndani ya saa 24 yakiwa na video ya kufungua boksi. Mteja aambiwe hivyo kabla, si baada ya tukio.

Risiti nayo ina mtego. Katika mpango huu duka ndilo linalomuuzia mteja, kwa hiyo risiti inayotoka ni ya 45,000, na kile anachopewa muuzaji ni gharama ya duka. Kuna maduka yanayochapa risiti ya 36,000 na kuiweka ndani ya boksi. Mteja anafungua, anaona bei ya muuzaji wake, na urafiki unaishia hapo. Katika ule mpango wa pili, risiti ya 36,000 ni halali yake muuzaji kwa kuwa yeye ndiye mnunuzi. Na yeye sasa ni mfanyabiashara, suala la TIN na leseni linamhusu yeye.

La nne ni malipo ya muuzaji. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Kulipa kila oda peke yake kunaongeza makato na makosa. Kulipa mwisho wa mwezi kunamfanya mtu ajisikie anadai. Jumatatu na Alhamisi, kabla ya saa 10 jioni, tuma pesa pamoja na orodha fupi: tarehe, mteja, bidhaa, tofauti. "12/5 Kisasa, hotpoti, 9,000. 13/5 Ipagala, chupa ya chai, 4,000. Jumla 13,000." Orodha hiyo inamfanya muuzaji akupigie mapema kama kuna oda uliyoisahau, badala ya kukaa nayo rohoni. Siku ukichelewa, andika kabla ya saa ya kulipa, na utaje siku utakayolipa.

Mali kauli isiwe kwenye posti kabisa. Ukiandika "tunakopesha mzigo" unawaita watu wa aina nyingine. Iwe ni hatua kwa muuzaji ambaye daftari linaonyesha ameuza kwa wiki kadhaa bila oda zake kukataliwa hovyo, anayetaka seti nne au tano akae nazo ofisini kwake au saluni. Hapo ndipo kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa na mdhamini anayejulikana vinapohitajika, pamoja na karatasi inayosema idadi, bei, siku ya kurejesha pesa au mzigo, na nani anabeba kilichovunjika. Anza na mzigo ambao ukipotea duka halitayumba.

Wauzaji wa nje ya mji wanahitaji posti yao. Kibaigwa, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa mzigo unakwenda kwa basi, na mteja hawezi kukiona chombo kabla ya kulipa. Oda moja moja haifai, nauli ya parseli na boksi la kufungashia vinakula faida. Muuzaji wa huko akusanye oda tano hadi kumi, wateja walipie kabla, mzigo uende mara moja kwa wiki, na nauli igawanywe kwa pisi. Hotpoti kubwa ina nafasi nyingi na uzito mdogo, kwa hiyo ofisi ya basi itaitoza kwa ukubwa wake. Jaza shuka na taulo ndani yake ili nafasi isiende bure.

Na usimwandikie mtu wa Kibaigwa hesabu ya seti kwa wiki kama uliyomwandikia wa mjini. Mjini Dodoma pesa inazunguka na mishahara ya watumishi mwishoni mwa mwezi, na vyuo vinapofungua wanafunzi wanatafuta ndoo, beseni, shuka na jagi la umeme kwa mkupuo. Kibaigwa pesa inafuata mahindi. Mvua huku ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu Aprili, na watu wakishavuna na kuuza ndipo ndani kunabadilishwa vyombo. Januari na Februari mkulima ananunua palizi, hanunui sufuria. Kwa muuzaji wa huko andika makadirio mawili, la wakati wa mavuno na la wakati wa kilimo, na la pili liwe dogo kama lilivyo.

Baada ya mwezi mmoja, futa makadirio ya kwenye posti ya kwanza na uweke ya daftari. Kama kati ya wauzaji kumi, watatu hawakuuza kitu, watano waliuza seti moja hadi mbili kwa wiki na wawili walifika tano, andika hivyohivyo kwenye tangazo la pili, bila majina yao. Zile posti za zamani zenye bei iliyopita zifute kwenye magrupu na kwenye ukurasa, maana kuna mtu atakuja miezi minne baadaye na skrinshoti yake, akidai kwamba mlisema seti ni 36,000.